Kamera ya Getini na Hesabu Yake

Anayefunga kamera getini hutaka ione kila kitu, itume kila kitu, na ifunguke kwenye simu popote alipo. Hesabu inamkatalia. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 22 kwa siku, na nyumba inayotegemea ruta ya laini ya simu haina bando la kuhimili hilo. Kwa hiyo wingu lipelekewe vipande vya matukio tu: kipande cha sekunde 20 ni megabaiti 5, na vipande 40 kwa siku ni megabaiti 200.

Vipande hubaki 40 iwapo tu kitambua mwendo kimewekewa mipaka. Kamera nyingi za bei nafuu hulinganisha picha na ile iliyotangulia. Hazimjui mwizi, zinajua nukta zimebadilika. Bodaboda ikipita, arifa. Kivuli cha mwembe kikiyumba, arifa. Usiku taa za infraredi huvuta wadudu, na buibui huwafuata. Utando mmoja mbele ya lenzi huonekana kama weupe unaopepea na kuijaza simu hadi alfajiri. Lenzi ifutwe, kamera iinamishwe hadi barabara itoke kwenye picha, na eneo la kutambua mwendo lichorwe kuanzia ndani ya geti. Kama programu inaweza kumtofautisha binadamu, uwezo huo uwashwe. Mwenye kupata arifa 200 kwa siku ataishia kuzizima zote, na hapo kamera ni pambo.

Mtu atauliza: tukio likitokea nje ya eneo hilo je? Ndiyo kazi ya kadi ya kumbukumbu. Ya gigabaiti 128 hurekodi mfululizo karibu siku sita kabla ya kuanza kufuta za zamani, bila kugusa bando. Mwizi akiing'oa kamera, kadi huenda nayo, lakini kipande kilichokwisha kupanda kwenye wingu kinabaki.

Kuhusu kutazama ukiwa mbali, wapo mafundi wanaofungua mlango wa ruta ili kamera ifikiwe moja kwa moja, wakidai kampuni ya wingu haiaminiki. Hofu yao ina msingi, dawa yao ni mbaya zaidi. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizoa kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, kisha ikazitumia kushambulia mtandao. Asiyeiamini kampuni aingie nyumbani kwake kwa VPN. Wengine watumie programu ya kamera, wabadilishe nywila, wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, na wazime UPnP kwenye ruta, kwa kuwa hufungua milango kimyakimya. Kisha zima Wi-Fi ya simu, mtu apite getini, uhesabu sekunde hadi arifa ifike. Ikichelewa, angalia kwanza nguvu ya Wi-Fi pale kamera ilipo.