Mjomba anapotaja mauti harusini

Malipo ya korosho yakishatoka, kumbi za Newala na Masasi hujaa harusi. Katika nyingi kati ya hizo kuna mtu atakayesimama na glasi mkononi kuutaja mstari wa 6 wa sura ya 8 ya Wimbo Ulio Bora, ule unaopima nguvu za upendo kwa nguvu za mauti. Wengi huutaja, wachache huubeba. Hapa nataka kuonyesha namna ya kuijenga nasaha juu ya mstari huo mpaka isimame, maana una mitego ambayo mistari mingine ya harusini haina.

Tumchukue mjomba wa bibi harusi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuatwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao hata baba mzazi humwachia. Mjomba anaposema mauti mbele ya mpwa wake, hakuna atakayedhani anatania.

Mtego wa kwanza ni kuzidisha. Shairi linasema nguvu hizo zinalingana, basi. Msemaji aliyechangamka huongeza chumvi na kutangaza kwamba upendo unaishinda mauti. Ukumbi hushangilia, lakini nasaha imevunjika hapohapo. Saa chache kabla, maharusi walisimama kanisani wakaahidiana kuishi pamoja hadi kifo kitakapowatenganisha. Kiapo hicho kinajulikana vizuri Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ilianza mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani. Kumwambia mtu jioni kwamba kifo hakina nguvu ni kukipunguza kiapo alichokula asubuhi. Na ndani ya ukumbi wamo wajane na wagane wanaojua kwamba kifo kina nguvu. Dalili ya kosa hili huonekana upesi: vijana wanapiga vigelegele, huku kwenye meza za wazee kina mama wameinamisha nyuso.

Kwa hiyo mjomba hodari hukaa na usawa ule, kisha hujibu swali ambalo mstari unamwachia: upendo unafanana na mauti kwa lipi? Asipojibu, wasikilizaji watajibu wenyewe, na watakachokumbuka ni jeneza. Mimi ningemshauri achague sifa moja tu. Mauti haipokei rushwa na haimwachii iliyemshika. Aseme hivi: "Mpwa wangu, na wewe mkwe wetu, sote hapa tumewahi kuzika. Tunajua kifo hakibembelezwi wala hakinunuliwi. Upendo wenu nao uwe hivyo: asiwepo wa kuubembeleza uwaachie, wala wa kuununua." Sentensi zile mbili za mwanzo zinawapa wafiwa heshima yao, ndipo inayofuata inaweza kugeuka kuelekea kwa maharusi bila kumwacha mtu nyuma.

Lakini asianze na hayo. Mstari wenyewe hauanzi na mauti, unaanza na muhuri. Mwanamke ndiye anayesema, akimwomba mpenzi wake amweke kama muhuri moyoni na mkononi. Zamani, katika nchi lilikotungwa shairi hilo, muhuri ulikuwa kitu cha kuvaliwa, kwa kamba shingoni au mkononi, na ndio uliosimama badala ya mwenyewe. Kwa Newala huna haja ya kueleza sana. Tangu msimu wa 2007/2008 mkulima hukabidhi korosho zake kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, akarudi nyumbani na karatasi. Mzigo hauoni tena, lakini karatasi ile ndiyo inayosema mali ni yake mpaka mnada upite. Mjomba akiitaja karatasi hiyo, ukumbi mzima umeshaelewa kwa nini mtu aombe kuwa muhuri wa mwenzake. Na kwa kuwa anayeomba ni mwanamke, sehemu hii aielekeze kwa bwana harusi, amtazame yeye.

Baada ya mauti, shairi linataja wivu, likiulinganisha ukali wake na kaburi, kisha moto. Hapa nina msimamo: wivu uachwe. Najua katika shairi maana yake ni moyo usiokubali kugawana mpendwa, lakini ukumbini hakuna muda wa kufafanua, na neno hilo likitoka kinywani mwa mjomba bila maelezo linaweza kuwa kibali cha mume kumfungia mke ndani. Hasara yake ni kubwa kuliko uzuri wake.

Mstari wa 7 una mambo mawili. Kwanza ni maji mengi yasiyoweza kuuzima upendo. Pili ni tajiri anayetaka kuununua kwa mali yote ya nyumba yake, akaambulia dharau. Ukiufuata mpangilio wa shairi, nasaha itaishia kwa huyo tajiri, na kinachofuata ukumbini ni foleni ya zawadi. Watu wamebeba vitenge na masufuria, wengine wamechangia kamati tangu miezi nyuma, halafu wasikie mali ikidharauliwa! Kwa hiyo mpangilio ugeuzwe. Tajiri aungwe na mauti isiyonunulika, maana ni hoja ileile, na maji yabaki mwisho.

Na maji ndiyo yanayoifanya nasaha hii kuwa ya Newala. Juu ya nyanda za Makonde mvua hunyesha ikazama mchangani, na chemchemi zimejificha chini kwenye mabonde. Vizazi vya kina mama vimeshuka na kupanda miteremko kwa ndoo moja. Mwenyeji wa huko akisikia maji mengi hawazi mafuriko, anawaza neema. Mjomba akiyataja kama adui bila kuandaa njia, wasikilizaji watampoteza.

Njia ipo katika simulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika. Mtu aliyeishi peke yake alichonga sanamu ya mwanamke, ikageuka mtu, ikawa mke wake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, hakuishi. Wakahama, wa pili naye hakuishi. Wakapanda juu, mahali panapoitwa Mahuta, na wa tatu akaishi. Ndipo wakawausia watoto wao wakae juu, mbali na mabonde yenye maji. Katika simulizi hiyo maji yako upande wa mauti, kama yalivyo katika shairi, na wawili wale walifiwa mara mbili wasiachane. Mjomba aisimulie kwa pumzi chache, akitumia neno "hakuishi" na asiongeze, kwa kuwa wapo ukumbini waliozika watoto. Kisha aseme: "Maji yale hayakuwazima wazee wetu. Yasiwazime na ninyi."

Masasi, chini ya nyanda, mambo hubadilika. Wamakua na Wayao waliojaa meza za mbele hawaichukui simulizi ya Mahuta kuwa yao, na ikisimuliwa huko hugeuka kuwa somo la historia. Huko ningeyaacha maji yote, nikaongeza nafasi ya muhuri, nikamalizia na upendo usionunulika, mradi mshereheshaji ameombwa mapema atoe wimbo mmoja kabla ya kuita zawadi.

Jambo la mwisho ni glasi. Katika wilaya hizi Waislamu na Wakristo huketi meza moja, na glasi nyingi zina soda au juisi, kwa hiyo mwaliko wa kunyanyua usitaje kinywaji. Uje mara baada ya sentensi ya mwisho ya nasaha, bila shukrani kwa kamati katikati. Shukrani mjomba azitoe mwanzoni kabisa, kabla hajautaja muhuri.