Tunduma Haikuhama

Mapema mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Mbozi, Momba na Ileje zikaenda upande mpya pamoja na Wilaya ya Songwe, makao makuu yakawa Vwawa, na Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, ukalala Mbeya ukaamka Songwe. Maduka yake hayakusogea hata hatua moja, wala wateja hawakubadilika. Lakini katika kila ofisi yenye tawi Tunduma, mtu fulani alifungua jedwali la matawi akakutana na safu ya mkoa, na hapo ikambidi aamue jambo ambalo wenzake wengi hata hawakujua kwamba linahitaji kuamuliwa: mauzo ya miaka iliyopita ni ya mkoa gani?

Kazi ya mtu huyo naistahi sana, na hapa nataka kuionyesha kwa karibu.

Tuchukue kampuni ya kuuza saruji na mabati yenye matawi matatu: Mbeya mjini, Vwawa na Tunduma. Kwa mfano wetu, mwaka 2015 Mbeya mjini iliuza milioni 400, Vwawa 150 na Tunduma 250. Jumla ya Mkoa wa Mbeya ni milioni 800. Ripoti ilichapwa, ikasainiwa, na meneja wa mkoa akalipwa bonasi kwa kufikisha hizo 800.

Mwaka 2016 ukaingia. Njia ya mkato, ambayo wengi huifuata bila kufikiri, ni kufuta neno Mbeya kwenye mistari ya Vwawa na Tunduma na kuandika Songwe. Ni kazi ya dakika moja. Ila kesho yake mtu akiitoa upya ripoti ya 2015, Mkoa wa Mbeya utaonyesha milioni 400, nusu ya ile iliyosainiwa. Mkaguzi akiziweka karatasi mbili mezani ataona bonasi iliyolipwa kwa mauzo ambayo mfumo unasema hayakuwepo, na atakayeulizwa ni meneja ambaye hana kosa lolote.

Fundi mzuri hafuti. Anaufunga mstari wa zamani kwa tarehe, kisha anaongeza mwingine chini yake:

```
ufunguo  tawi  jina     mkoa    kuanzia     mpaka
41       T07   Tunduma  Mbeya   2009-03-01  2016-07-01
88       T07   Tunduma  Songwe  2016-07-01  9999-12-31
```

Tazama namba ya tawi, T07. Haisemi chochote kuhusu mahali, na imewekwa hivyo makusudi. Nimeona majedwali ambamo tawi liliitwa MBY-07, na mkoa ulipobadilika ikabidi namba nayo ibadilishwe. Risiti za zamani zikabaki zinaashiria tawi ambalo halimo tena kwenye orodha. Namba ya kitu kinachodumu isibebe habari ya kitu kinachopita. Ndiyo maana kuna namba mbili: T07 ni tawi lenyewe maisha yake yote, na 41 au 88 ni tawi hilo katika kipindi fulani cha maisha yake.

Njia hii si ngeni. Ralph Kimball aliieleza katika kitabu chake cha 1996 kuhusu maghala ya data. Aliandika njia tatu na kuzipa namba: kufuta na kuandika upya, kuongeza mstari, au kuongeza safu inayobeba thamani ya awali. Wanaofanya kazi hii wanazitaja kwa namba hizo mpaka leo. Lakini kujua namba za njia ni sehemu ndogo tu ya ufundi. Ugumu uko kwenye ile tarehe.

Kwa nini Julai, wakati mkoa ulizaliwa Januari? Kwa sababu serikali kutangaza mkoa na kampuni kukabidhi matawi kwa meneja mpya ni matukio mawili tofauti. Kampuni yetu iliendelea na meneja wa Mbeya mpaka mwisho wa mwaka wake wa bajeti, tarehe 30 Juni. Hadi siku hiyo, yeye ndiye aliyepanga magari na kugombezwa saruji ilipochelewa. Mtunza jedwali akipokea barua ya mabadiliko hupiga simu kwanza: “Kaka, hii tarehe ni ya barua au ya makabidhiano?” Swali fupi hilo, na upande wa pili mara nyingi unabaki kimya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria. Kama kampuni inahitaji tarehe zote mbili, yaani mkoa wa kiserikali kwa ajili ya taarifa za nje na mkoa wa kiutawala kwa ajili ya bonasi, basi ni safu mbili, na kila moja ina historia yake. Kuzilazimisha ziwe moja ni kuamua kudanganya upande mmojawapo.

Sasa soma mstari wa 41 na wa 88 kwa makini. Wa kwanza unaishia 2016-07-01, wa pili unaanza siku hiyohiyo. Anayeona mara ya kwanza hudhani ni kosa. Siyo: siku ya kuanzia imo ndani ya kipindi, siku ya mwisho haimo. Swali la kuunganisha mauzo na mkoa wa wakati wake linaandikwa hivi:

```sql
SELECT m.mkoa, SUM(s.kiasi)
FROM mauzo s
JOIN matawi m
  ON m.tawi = s.tawi
 AND s.tarehe >= m.kuanzia
 AND s.tarehe <  m.mpaka
GROUP BY m.mkoa;
```

Alama `<` peke yake, bila `=`, ndiyo inayobeba uzito wote. Mwenye haraka akitumia `BETWEEN`, mauzo ya tarehe 1 Julai yatagusa mistari yote miwili na kuhesabiwa mara mbili, Mbeya na Songwe. Akijaribu kukwepa hilo kwa kuufunga mstari wa kwanza 2016-06-30 huku mauzo yakiwa yameandikwa na saa, mauzo ya saa tisa alasiri siku hiyo hayatagusa mstari wowote na yatatoweka. Makosa yote mawili hayatoi onyo. Ripoti inatoka vizuri, ina rangi na vichwa vya habari, ila jumla si yenyewe. Dawa ni kujumlisha mauzo yote kabla ya kuunganisha, kujumlisha tena baada ya kuunganisha, kisha kulinganisha. Zikipishana hata shilingi moja, ripoti haitoki. Mtunza jedwali ninayemheshimu hufanya hivyo kila usiku, hata miaka ambayo hakuna mkoa uliogawanywa.

Turudi kwenye namba. Mwaka 2016 Mbeya mjini iliuza 420. Vwawa iliuza 75 kabla ya Julai na 85 baadaye, na Tunduma 130 kisha 150. Swali la hapo juu, likichujwa kwa mauzo ya 2016, litatoa Mbeya 625 na Songwe 235. Mkurugenzi anatazama 800 ya mwaka jana, anatazama 625, anaona Mbeya imeanguka karibu asilimia 22. Namba zote ni sahihi, na hitimisho lake si sahihi.

Kwani hakuuliza nani aliwajibika kwa mauzo yapi. Aliuliza kama biashara inakua. Kwa swali hilo lazima miaka yote miwili ipimwe kwa ramani moja, na hapo sharti la tarehe linabadilika:

```sql
  ON m.tawi = s.tawi
 AND m.mpaka = '9999-12-31'
```

Sasa kila mauzo yanachukua mkoa wa leo. Mbeya inatoka 400 kwenda 420, imekua kwa asilimia 5. Songwe inatoka 400 kwenda 440, asilimia 10. Ukiitaka ramani ya zamani, ni 800 kwenda 860. Hakuna kilichoanguka popote.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Watu hubishana mpaka jioni kama historia ibaki ilivyokuwa au isomwe kwa mpangilio wa sasa, utadhani ni lazima kuchagua. Bonasi, malengo na ukaguzi vinadai mkoa wa wakati ule. Mwelekeo wa ukuaji unadai ramani moja kwa miaka yote. Jedwali lililotunzwa kwa mistari yenye tarehe linajibu yote mawili. Lililofutwa linajibu moja tu, na halikwambii ni lipi. Kinachobaki ni kuandika juu ya kila ripoti, kwa maneno kamili, ramani ya tarehe gani imetumika.

Hilo sharti la mstari wa sasa lina mtego wake. Tawi likifungwa, anayeufunga mstari wake wa mwisho kwa tarehe ya kufungwa analiacha bila mstari wa sasa, na mauzo yake ya miaka kumi yanatoka kwenye ripoti za ukuaji. Kwa hiyo kufungwa kwa tawi huandikwa kwenye safu ya hali yake, na mstari wa mkoa unaachwa wazi.

Kuna lingine linalotofautisha fundi na mwandishi wa kawaida: anajua badiliko si sawa na sahihisho. Kama mtu aliandika kimakosa kwamba Vwawa ilifunguliwa Mkoa wa Rukwa, hiyo haistahili mstari mpya. Vwawa haikuwa Rukwa siku ile, na kuweka mstari wenye tarehe ni kutunga historia. Hapo anafuta na kuandika upya. Ulimwengu ukibadilika, unaongeza mstari. Tukiwa tulikosea, tunarekebisha.

Ila sahihisho nalo lina adabu yake. Tuseme Septemba inabainika kwamba makabidhiano ya Tunduma yalifanyika 1 Agosti, si 1 Julai. Tarehe mbili za jedwali zinarekebishwa, na kama mauzo ya Julai yalikwisha kupigwa muhuri wa ufunguo 88, yanarudishwa kwenye 41. Lakini ripoti ya Julai ilishatoka, na mtu atauliza kwa nini imebadilika. Kwa hiyo mtunza jedwali makini anabaki na tarehe za aina ya pili: siku ambayo mfumo ulijua. Kiwango cha SQL cha 2011 kiliziweka aina zote mbili rasmi, wakati wa jambo lenyewe na wakati wa kuandikwa kwake. Kwa hizo mbili anaweza kuitoa ripoti ya Julai kama ilivyosomeka Julai, na kama inavyopaswa kusomeka leo.

Na kuna mahali ambapo ufundi wote huu unagota. Wilaya ya Songwe ilitokana na Chunya, na Chunya ilibaki Mbeya. Tuseme kampuni ilikuwa na wakala mmoja Chunya aliyekuwa akiuza pande zote mbili, na risiti zake ziliandika jina la wakala tu. Mauzo yake ya zamani hayawezi kugawanywa, kwa sababu mkoa mmoja unaandikwa kwa wakala mmoja, wakati yeye alikuwa katika mikoa miwili ya leo. Wapo wanaogawa nusu kwa nusu, au kwa idadi ya watu, na namba zikishaingia kwenye jedwali zinaonekana ngumu kama zile zilizotoka kwenye risiti. Mtunza jedwali mwaminifu anaacha mauzo hayo chini ya Chunya kama yalivyo, anaandika pembeni kwamba hayagawanyiki kabla ya 2016, na kuanzia hapo anadai kila risiti iandikwe kata ya mteja.