Taa ya Uani na Betri Nne

Duka moja la dawa wilayani Mkuranga lilikuwa likizimikiwa na inveta kila ikikaribia saa nane usiku, na ndani ya friji mlikuwa na insulini. Mfumo wake ulikuwa wa volti 24, wenye paneli juu ya bati na betri nne zilizofungwa, zisizoongezwa maji, za volti 12 na ampea-saa 200 kila moja. Hazikuwa zimetimiza miaka miwili. Mama mwenye duka alikuwa ameshafikia uamuzi kabla sijafungua begi: "Fundi, hizi ni feki. Niambie tu ninunue zipi."

Hazikuwa feki. Ila ili kuona kilichoziua ilibidi kupima mahali ambapo skrini ya inveta haifiki.

Betri zilipangwa jozi mbili. Katika kila jozi, chanya ya betri moja iliungwa na hasi ya mwenzake, yaani mfululizo, au sirizi kama tunavyosema mafundi. Hapo volti hujumlishwa zikawa 24, lakini ampea-saa hubaki 200. Kisha jozi hizo mbili zikaungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na hapo ndipo ampea-saa zilipofika 400. Kwa hesabu ya karatasini hizo ni kilowati-saa 9.6, na kwa kuwa betri za risasi na asidi hazipendi kunyonywa chini ya nusu, za kutumia ni 4.8. Friji na taa za duka lile hazikukaribia kiasi hicho kwa usiku mmoja.

Nilifika saa saba mchana, jua limekaza. Skrini ilionyesha volti 28.6, namba nzuri kabisa kwa betri za aina ile zikiwa mwishoni mwa chaji. Nikashusha mita kwenye betri mojamoja. Jozi ya mbali, niliyoiita B, ilikuwa na 14.2 na 14.4. Jozi ya karibu na inveta, A, ilikuwa na 13.3 kwenye betri ya kwanza na 15.3 kwenye ya pili. Jumlisha: ni 28.6 ileile. Chaja ina macho mawili tu, moja kwenye chanya ya mwisho na jingine kwenye hasi ya mwisho. Kinachotokea katikati haikioni. Betri moja ilikuwa na njaa, ya pili inashindiliwa kupita kiasi, na chaja ikaridhika.

Nilipoinama niliziona nyaya mbili nyembamba zimebanwa kwenye vichwa vya betri ile yenye njaa, zikapita dirishani kwenda uani. Mwishoni mwake palikuwa na taa ya volti 12, wati 6. Mtu alitaka mwanga wa uani usiopitia inveta, akachukua umeme kwenye betri moja. Taa ya wati 6 hula nusu ampea. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni ampea-saa 6. Deni hilo ni la betri moja peke yake, lakini mkondo wa chaji katika mfululizo ni uleule kwa betri zote mbili: huwezi kumwongezea mmoja bila kumwongezea mwenzake. Kila siku yule aliyekwisha kushiba alilazimika kula zaidi ili aliyebaki nyuma asogee kidogo. Maji ya ndani yakageuka gesi na kutokea kwenye vali, na betri zilizofungwa hazirudishiwi maji. Ubavu wa betri ya pili ulikuwa umetuna na joto lake ulilisikia kwa kiganja. Ya kwanza, kwa kutojaa miezi na miezi, ilikuwa imeshaanza kugandiwa na salfeti kwenye sahani zake. Usiku ndiyo iliyotangulia kuanguka: inveta inapozima kwenye volti 21.6, mojawapo inaweza kuwa 9.7 na mwenzake bado 11.9.

Palikuwa na kosa la pili, na ndilo lililoifanya jozi A iumie zaidi. Nyaya zote mbili kubwa za inveta, chanya na hasi, zilishikwa kwenye jozi A. Jozi B ilifikiwa kwa vipande vya waya mwembamba ambavyo vichwa vyake vilibanwa kwa koleo. Niliwasha pasi ya wati 1,000, nikapitisha mita ya klampu inayosoma mkondo wa betri: ampea 28 zilitoka A, ampea 20 zilitoka B. Chukua mfano wa ukinzani wa miliohmu 10 ndani ya kila jozi, na miliohmu 2 kwenye kila kipande cha waya kinachounganisha. Njia ya A ina 10, ya B ina 14, na ampea 48 hugawanyika kinyume cha uwiano huo: 28 kwa 20. Ni kweli kwamba A ikichoka volti zake hushuka na B huchukua zaidi, kwa hiyo pengo hupungua kadiri usiku unavyokwenda. Lakini mchana A tena ndiyo inayopokea chaji ya kwanza, na mizunguko yake inakuwa mizito kila siku.

Dawa ya kosa hili ni kushika kwa mshazari: chanya ya inveta kwenye jozi moja, hasi kwenye jozi nyingine. Hapo kila jozi ina kipande kimoja tu cha kuunganisha njiani, na hesabu inakuwa 12 kwa 12.

Sikumruhusu mama anunue betri moja mpya aichanganye na tatu kuukuu. Mpya ingefundishwa uzee na mwenzake. Nilikata taa ya uani, nikaiacha jozi B peke yake ibebe friji, mpaka alipopata fedha ya betri nne za aina moja na tarehe moja. Hizo sikuziunga siku ileile. Kwanza niliziweka zote sambamba kwa volti 12, nikazichaji kwa 14.4 hadi mkondo ukawa mdogo sana, nikaziacha hivyo usiku kucha. Zilianza kazi zikiwa sawa. Nyaya zilikuwa za milimita za mraba 50, urefu mmoja, vichwa vimebanwa kwa mashine, na fyuzi kwenye kila jozi. Taa ya uani ikarudi kupitia kibadilishi cha kutoka 24 kwenda 12, ili deni ligawanywe na betri zote.

Katika kila jozi niliweka na balansa. Ina nyaya tatu: hasi, katikati, chanya. Huchukua ampea chache kwa betri iliyo juu na kuipa iliyo chini. Inafaa kwa tofauti ndogo za kuzaliwa. Haifufui betri yenye seli iliyokufa. Seli moja ikishoti, chaji ya 28.6 iliyokusudiwa seli 12 huangukia 11, yaani 2.6 kwa kila moja, na utaijua kwa harufu ya mayai viza. Jozi hiyo iondolewe siku hiyohiyo. Kwa betri za lithiamu za aina ya LiFePO4 mambo ni tofauti: volti zake hazisogei sana katikati ya chaji, kwa hiyo tofauti huonekana wazi karibu na kujaa au karibu na kuisha.

Mama sasa ana mita yake. Kila mwisho wa mwezi, saa saba mchana, anapima betri nne na kuandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa kila moja. Tumekubaliana kwamba mbili za jozi moja zikiachana kwa zaidi ya volti 0.3 zikiwa zimejaa, ananipigia. Namba za mwisho alizonisomea zilikuwa 14.3, 14.3, 14.2 na 14.4.