Msimamo na Adabu katika Ngonjera ya Kupinga Ndoa za Utotoni, Kibakwe

Shairi la uhamasishaji linalotungiwa kikundi cha maigizo cha jamii huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, lina kielelezo cha karibu katika ngonjera za Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma. Katika utanzu huo wahusika hujibizana kwa beti, na aghalabu asiyejua huelimishwa na ajuaye hadi akubali. Kwa mada ya ndoa za utotoni, muundo huo una kasoro: mzazi huwekwa upande wa ujinga, hadhira humcheka, na baba aliyeketi uwanjani hajioni ndani yake.

Hata hivyo, adabu haimaanishi kulegeza hoja. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya baba. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Kwa kuwa ridhaa ndiyo kiini cha mgogoro, mzazi anastahili ubeti kamili wa kueleza ukame na ng'ombe wa mahari. Jibu la binti lianze kwa shikamoo, litambue hofu hiyo, kisha likatae bila masharti. Ubeti wa mwisho, wa kuinyima ndoa ridhaa, autamke mzazi mwenyewe.