Jina halipendi kuonekana

Juma lililopita nilipokea baruapepe kutoka kwa mwandalizi wa kongamano moja la Kiswahili. Ilisema: "Tafadhali thibitisha namna jina lako lingependa kuonekana kwenye beji na cheti. Usipojibu kufikia Ijumaa, tutatumia jina lililo kwenye mfumo."

Tuanze na sarufi, maana hiyo ndiyo rahisi. Kiambishi "li-" katika "lingependa" kinarejelea jina, kwa hivyo jina ndilo linalopenda. Jina halina matamanio, jameni! Anayependa ni mshiriki: "namna ungependa jina lako lionekane".

Kinachonikera zaidi ni kitenzi "thibitisha". Mtu huthibitisha kwamba jambo fulani ni sahihi, na sharti jambo lenyewe liwe mbele yake. Baruapepe haikuonyesha jina walilo nalo. Sasa nithibitishe nini? Mwandalizi alitaka kusema "tuandikie". Baadhi yetu tulidhani majina yetu yako sawa, tukanyamaza.

Fomu ya kujisajili nayo ilikuwa na visanduku viwili, "jina la kwanza" na "jina la mwisho", eti la mwisho ndilo la ukoo. Chukua mfano wa marehemu Ngugi wa Thiong'o. Riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1964, ilibeba jina James Ngugi. Baadaye akaliacha hilo la James. Thiong'o ni babake, na "wa" ni kihusishi kinachomfunga mwana kwa mzazi, ndiyo maana huandikwa kwa herufi ndogo. Lipitishe jina hilo kwenye visanduku viwili, kisha uombe beji ya cheo na jina la mwisho. Utapata "Prof. Thiong'o", yaani utamvisha mwana beji ya baba. Ndiyo sababu maktaba humworodhesha chini ya Ngugi.

Isitoshe, beji na cheti havina kazi moja. Beji husomwa na mtu aliyesimama hatua mbili mbele yako akitaka kukusalimu. Jina unaloitwa linatosha, tena kwa maandishi makubwa. Cheti huishia kwenye faili, kikalinganishwa na kitambulisho. Mwenzangu mmoja chipukizi alirudishiwa chake alipoomba kupandishwa cheo kwa sababu kilikuwa na jina la utani analojulikana nalo. Alikuwa ameulizwa swali moja kwa vitu viwili, akajibu akifikiria beji.

Nilimwandikia mwandalizi nikampendekezea hii: "Kwenye cheti tutaandika jina lako hivi: ____. Je, ni sahihi, na linalingana na kitambulisho chako? Kama sivyo, liandike upya kwa mpangilio na herufi unazotaka. Kwenye beji, ungependa tuandike jina gani?"

Alinijibu siku hiyo hiyo: "Asante Prof., tumethibitisha."