Kadi za Mshereheshaji

Mshereheshaji anayealikwa Mji wa Kale, Mombasa, bila ratiba, bila majina ya wageni wa heshima na bila kuambiwa shughuli itakwisha saa ngapi, hakunyimwa kila kitu. Chukulia kikao cha mashairi Ngomeni, kinachoanza saa kumi alasiri. Hata pasipo ratiba, kisomo cha Kurani kitatangulia na dua itafunga. Mwenye cheo kikubwa atasema baada ya walio chini yake. Na magharibi ikiingia, watu watainuka kwenda msikitini, kwa hivyo muda wote ni kama saa mbili tu. Mpangilio umo ndani ya desturi. Kinachokosekana ni vile vipande vya katikati, na hapo ndipo ufundi wa kuandika maneno ya mshereheshaji unapoonekana.

Fundi haandiki hotuba moja ndefu, huandika kadi: ya makaribisho, ya kumwita msemaji, ya kumshukuru, ya kumngoja aliyechelewa, ya kuahirisha. Sharti ni kila kadi isimame peke yake. Akiandika “baada ya kumsikia mgeni wetu, sasa tuingie kwenye mashairi”, kisha mgeni akakwama kivukoni Likoni, sentensi hiyo imekufa, na ya pili yake nayo. Njia ya kujua kama kila moja inasimama ni kuzichanganya kadi kama karata na kuzisoma kwa sauti. Kila penye “kama tulivyosikia” au “mwisho kabisa” paandikwe upya. Kadi ya kumwita msemaji huachiwa nafasi tatu tupu: cheo, jina, na jinsi jina linavyotamkwa. Hii ya tatu ndiyo husahauliwa, na kumkosea mzee jina la babake mbele ya jamaa zake ni aibu isiyofutika kwa samahani. Kila kadi pia iwe na sura mbili, moja ya sentensi mbili na nyingine ya dakika mbili, ambayo kwa usomaji wa utulivu ni kama maneno 200.

Wako wasemao kwamba hodari hahitaji karatasi. Ni kweli kwa salamu na utani, lakini vyeo na majina havibuniwi papo hapo. Wengine husema kazi hii ikataliwe mpaka ratiba ipatikane. Hoja hii ina uzito, na mwandishi mwaminifu kwanza huuliza. Asipojibiwa, nafasi tupu ni bora kuliko jina la kubahatisha, kwa sababu nafasi tupu humlazimisha mshereheshaji kwenda mlangoni na kalamu kuwauliza wenyeji. Ile “itifaki imezingatiwa” haizibi pengo hilo, maana anayeisema bila kujua nani yuko mbele yake hajazingatia lolote.

Kadi ya mwisho iwe fupi kuliko zote. Mombasa magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, kulingana na mwezi, na adhana haimsubiri msemaji.