Kete, hatua na daraja: jinsi programu ya drafti inavyoupima ubao

Programu ya drafti haiwezi kuufuata mchezo hadi mwisho kila inapofika zamu yake. Inatazama zamu chache mbele, inasimama, kisha inajiuliza: hapa nilipofika, nani yuko vizuri zaidi? Jibu linatoka kwenye fomula ya tathmini, inayougeuza ubao mzima kuwa namba moja. Namba ikiwa juu ya sifuri, ubao unatupendelea sisi. Ikiwa chini, unampendelea mpinzani.

Arthur Samuel wa IBM alieleza fomula ya aina hii katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu mashine inayojifunza kucheza drafti. Yake ilikuwa na vipimo vingi. Hapa tutajenga ndogo yenye vitatu: mali iliyobaki ubaoni, umbali ambao kete zimesonga, na ulinzi wa mstari wa nyuma. Tunatumia ubao wa miraba 64, kete 12 kila upande, na sheria za Kiingereza ambazo kingi anasogea mraba mmoja tu kwa wakati, mbele au nyuma.

Tuanze na mali, kwa kuwa ndiyo inayoamua michezo mingi. Kete tunaipa pointi 100 na kingi 150. Uwiano huo wa tatu kwa mbili ndio aliotumia Samuel. Wanaocheza kwa sheria ya kingi anayeruka mbali waupandishe sana, kwa sababu kingi wa aina hiyo anatawala mistari mizima.

Kipimo cha pili ni hatua. Kete iliyo mstari wa nyuma ina hatua 0, na iliyobakiza mraba mmoja iwe kingi ina hatua 6. Kila hatua tunaipa pointi 3. Zinaonekana chache, na hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme tumetoa pointi 10 kwa hatua. Kete iliyofika hatua ya 6 itakuwa na thamani ya 160, na kingi 150. Programu itaifikisha kete mlangoni kwa kingi kisha igome kuiingiza, maana kwa hesabu yake kuingia ni kupoteza pointi 10. Ukiona programu inazungusha kete nyingine huku moja ikingoja mstari wa saba bila kizuizi, usihangaike kutafuta kosa kwenye sheria za kusogea. Angalia uzito wa hatua. Kwa pointi 3, kete hiyo ina thamani ya 118, na kuingia kunaiongezea 32.

Pointi ndogo zina faida nyingine: haziwezi kuizidi mali. Hata ukimzidi mpinzani hatua 20, hizo ni pointi 60 tu, pungufu ya kete moja. Programu haitatoa kete bure ili isonge mbele.

Kipimo cha tatu kinavutana na cha pili. Kete ikitoka mstari wa nyuma inapata hatua, lakini inaacha mlango wazi. Jibu la haraka ni kuzipa pointi kete zote nne za nyuma, ila hilo linazifungia nyumbani, na mapambano ya katikati yanabaki kwa kete nane dhidi ya 12. Zinazohitajika ni mbili tu. Kwa namba za kawaida za ubao, nyeusi ikianzia juu, ni zile za mraba 1 na 3. Kwa nyeupe ni 30 na 32. Wachezaji huziita daraja.

Tazama zinavyofanya kazi. Kete nyeupe ikija mraba 6, nyeusi ya 1 inaila na kutua 10. Ikija 7, ya 3 inaila na kutua 10. Ikija 8, ya 3 inaila na kutua 12. Ikija 5, njia yake pekee ni mraba 1, nao umezibwa. Ilimradi miraba ya kutulia iko wazi, kete mbili zinalinda mstari mzima dhidi ya kete moja inayokuja peke yake.

Daraja lina maana pale mpinzani anapobaki na kete za kuingiza na hajapata kingi. Kwa hiyo thamani yake tunaifunga na idadi ya kete zake: pointi 2 kwa kila kete. Mwanzo wa mchezo ni 24, na inashuka kadiri kete zake zinavyoliwa.

```
def upande(b, a, z):
    p = 100*b.kete[a] + 150*b.kingi[a] + 3*b.hatua[a]
    if b.daraja(a) and b.kingi[z] == 0:
        p += 2*b.kete[z]
    return p

def tathmini(b, a, z):
    return upande(b, a, z) - upande(b, z, a)
```

Tuijaribu. Nyeusi ina kete kwenye 1, 3 na 12. Nyeupe kwenye 10, 29 na 31. Zamu ni ya nyeusi, na tunalinganisha 12–16 na 3–8. Bila kipimo cha daraja, zote mbili zinaifikisha nyeusi kwenye hatua tatu, yaani pointi 309. Nyeupe ina 315, kwa kuwa kete yake ya 10 imesonga hatua tano. Matokeo ni −6 kwa zote, na programu itachukua yoyote iliyotangulia kwenye orodha. Tukiweka daraja, 12–16 inaongezewa pointi 6 na matokeo yanakuwa 0, ilhali 3–8 inabaki −6.

Tofauti hiyo ya pointi 6 ina haki yake. Baada ya 3–8, nyeupe inacheza 10–7. Hakuna wa kuila, na zamu yake inayofuata inaingia kingi. Programu inayotazama zamu nne mbele ingeliona hilo bila msaada. Lakini kete ya mpinzani ikiwa bado mbali, hatari inakuwa nje ya upeo wake, na hapo daraja linaizuia kufungua mlango mapema.

Fomula yoyote inadanganya ikiulizwa katikati ya kulana. Kwa kuwa kula ni lazima, usiipime hali ambayo anayecheza ana kete ya kula. Endelea kutazama mbele hadi ubao utulie. La sivyo, kubadilishana kete moja kwa moja kutaonekana kama faida ya pointi 100.

Kuna majaribio mawili ya kuifanyia. La kwanza, geuza ubao na ubadilishe rangi: kwa upande uleule, namba lazima iwe ileile ikiwa na alama kinyume. Isipokuwa hivyo, hatua za upande mmoja zimehesabiwa vibaya. La pili, shindanisha matoleo mawili ya uzito, yabadilishane rangi, na kila pambano lianzie ufunguzi tofauti. Yakianza pale pale kila mara, yatarudia mchezo mmoja na hutajifunza kitu.

Kuna jambo moja ambalo vipimo hivi havioni: nani ataishiwa kwanza na pa kusogea. Katika mfano wetu, nyeusi ina kete moja tu huru, na inahitaji zamu nyingine nne kutoka 16 iwe kingi. Nyeupe ikiizuia njiani, nyeusi italazimika kulivunja daraja lake yenyewe, japo pointi 6 zinaonyesha lipo salama. Hiyo ni kazi ya kutazama mbele, na ndiyo sababu katika hali za kete chache, kuongeza kina cha utafutaji kunasaidia kuliko kuongeza uzito wa daraja.